Roho juu bila damu: gemu zisizo na kuua hupata wapi presha yake

Mtu asiyetaka kuua, hata kwenye skrini, akiomba apendekezewe gemu, aghalabu hupewa shamba. Apande mboga, amwagilie, alale, aamke, avune. Siku mbili za kwanza anafurahia, ya tatu anapiga miayo. Akilalamika huambiwa kwamba amani ndivyo ilivyo, na kama anataka moyo umwende mbio basi ashike bunduki kama wenzake.

Wanaomjibu hivyo hawakusikia alichoomba. Aliomba asiue. Hakuomba kutulia. Kwa bahati mbaya maduka ya gemu yamezichanganya hizo haja mbili kwenye rafu moja, na ndiyo maana anayetaka jasho la viganja bila maiti hujikuta ananunua gemu ya tatu ya kilimo.

Ili kuzitenganisha, tuanze na adui mwenyewe. Wabunifu wa gemu wanampenda adui kwa sababu anafanya kazi nyingi kwa malipo kidogo. Ni kizuizi kinachokujibu, tofauti na ukuta unaosimama tu. Anatishia kukunyang'anya kitu. Ukimpiga unajua papo hapo kama umefaulu. Tena anahesabika: walikuwa kumi, wamebaki wanne, unasonga mbele. Ukimtoa usiweke chochote mahali pake, hizo kazi zote zinabaki wazi, na hapo ndipo shamba linapokuwa tamu lakini halina uzito. Gemu ya amani yenye presha ni ile ambayo mbunifu wake alitafuta kitu kingine cha kuzifanya kazi hizo. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua hauko hata kwenye kompyuta. Uko mezani.

Pandemic ni mchezo wa ubao wa Matt Leacock, uliotoka mwaka 2008. Wachezaji wote wako upande mmoja. Ubaoni kuna ramani ya dunia yenye miji 48, na magonjwa manne ya rangi nne yanasambaa. Kila ugonjwa una kete zake 24. Mkipata dawa za magonjwa yote manne mmeshinda. Kushindwa kuna njia tatu: milipuko ya ugonjwa ifike minane, kete za rangi moja ziishe mnapozihitaji, au karata za wachezaji ziishe.

Hiyo njia ya mwisho ndiyo saa ya mchezo, na inafaa kuihesabu. Mkiwa wawili mkacheza kiwango chepesi, kuna karata 48 za miji na 5 za matukio, jumla 53. Kila mmoja anaanza na nne, zinabaki 45. Zinachanganywa humo karata nne za janga, zinakuwa 49. Kila zamu mchezaji anachota mbili. Kwa hiyo mna zamu 24 tu, nyinyi wawili kwa pamoja, na ya ishirini na tano mkikosa karata ya pili mmekwisha. Hakuna anayewafukuza, ila rundo linapungua mbele ya macho yenu.

Saa peke yake ingechosha. Ufundi wa Leacock uko kwenye rundo la pili, lile la karata za maambukizi. Mwisho wa kila zamu zinafunuliwa karata mbili, na kila mji uliotajwa unaongezewa kete moja. Mji wenye kete tatu ukitajwa tena hauongezewi ya nne, unalipuka na kumwaga kete moja kwa kila mji jirani. Karata zilizofunuliwa huwekwa kando. Ikichotwa karata ya janga, mji mmoja mpya unatolewa chini kabisa ya rundo na kupewa kete tatu kwa mpigo, kisha zile zote zilizowekwa kando zinachangwa na kurudishwa juu ya rundo. Yaani miji inayoumwa tayari ndiyo itakayotajwa tena muda si mrefu. Mnajua ni miji gani, msichojua ni utaratibu. Hofu inakuwa na majina.

Tuketi mezani sasa. Ni zamu ya nne. Janga la kwanza limetokea kwenye zamu ya tatu, na kwa jinsi karata za janga zinavyogawanywa kwenye mafungu ya rundo, mnajua la pili haliwezi kuja zamu hii. Kinshasa na Khartoum zina kete tatu za njano kila mmoja, tangu mwanzo wa mchezo, wala hamjapata nafasi ya kuzigusa. Kabla ya janga zilikuwa zimefunuliwa karata 13, janga likaongeza moja, zikachangwa 14, na zamu iliyopita zikatoka mbili ambazo kwa bahati hazikuwa hizo. Zimebaki 12 juu ya rundo. Kinshasa na Khartoum zote ziko humo ndani.

Wewe uko Khartoum, ambako kuna kituo cha utafiti. Mkononi una karata nne za njano, na dawa inahitaji tano. Ya tano, ambayo ni ya Lagos, anayo mwenzako, naye yuko Lagos. Sheria inasema karata ya mji inapokezanwa mkiwa wote wawili ndani ya mji huo huo. Una vitendo vinne.

Njia ya kwanza ni ya zima moto. Unaondoa kete moja hapo Khartoum, unakwenda Kinshasa, unaondoa moja huko. Vitendo vitatu, kila mji umebaki na kete mbili, na hata zikitajwa zote mbili hakuna kitakacholipuka. Kitendo cha nne unaondoa nyingine, basi tu. Anayeanza kucheza hukimbilia Kinshasa na kuondoa kete zote tatu, akasahau Khartoum. Hakuna haja ya kuponya mji mzima. Kinachotakiwa ni kuutoa ukingoni.

Njia ya pili: Khartoum hadi Lagos, kitendo kimoja. Kupokea karata, cha pili. Kurudi Khartoum, cha tatu. Kutengeneza dawa, cha nne. Vimetosha bila hata kimoja kubaki, na miji yote miwili mmeiacha ikining'inia.

Hatari yake ni kiasi gani? Karata mbili zitafunuliwa kati ya 12, na mbili kati ya hizo ni mbaya. Mafungu ya karata mbili yanayowezekana ni 66, na yale yasiyo na Kinshasa wala Khartoum ni 45. Yaliyobaki 21 yana angalau moja, karibu theluthi. Na ikitoka yoyote, mlipuko hauwi mmoja tu. Kinshasa ikilipuka inamwaga kete Lagos, Johannesburg na Khartoum, na kwa kuwa Khartoum imejaa nayo inalipuka, inamwaga Kairo, Lagos, Johannesburg na kurudisha Kinshasa, ambayo kwa karata hiyo imeshalipuka na hailipuki tena. Milipuko miwili kati ya minane kwa karata moja.

Lakini dawa ikishapatikana, kuanzia hapo kitendo kimoja kinafuta kete zote za njano kwenye mji, badala ya moja moja. Mwenzako aliye Lagos anakwenda Kinshasa, anafuta, anakuja Khartoum, anafuta. Vitendo vinne, zamu moja. Ile kazi ambayo wewe ungeifanya nusu nusu, yeye anaimaliza.

Mimi ningeenda Lagos. Milipuko miwili inalipika, na zamu iliyopotea kati ya 24 hairudi. Nimewahi kukaa na mtu mpole sana aliyekataa katakata, akasema hawezi kuwaacha watu wa Kinshasa kwa ajili ya maabara, na hoja yake haikuwa ya hesabu hata kidogo. Tulibishana dakika kumi. Kisha mkono wangu ukatetemeka kufunua karata ya kwanza, na ilikuwa karatasi tu.

Sasa angalia kilichotokea hapo bila mtu kupigwa. Kilikuwepo kitu kinachoweza kupotea kisirudi, nacho ni zamu na ile nafasi ya milipuko minane. Kulikuwa na ujuzi nusu: unayajua majina, huijui zamu yao. Na kulikuwa na uamuzi wako mwenyewe, wenye njia mbili zinazoeleweka zote. Ondoa chochote kati ya hivyo vitatu, presha inakufa. Ungejua mpangilio wa karata, ungekuwa unafanya hesabu tu. Karata zingekuwa za bahati tupu, ungekuwa unatazama mvua. Na kama kila kosa lingeweza kufutwa, ungerudi shambani.

Mchezo huu una ugonjwa wake pia, na wanaoucheza wanaufahamu. Kwa kuwa kila kitu kiko wazi mezani, mwenye sauti kubwa huwa rubani, wengine wanasogeza vipande anavyoamuru. Uamuzi unakuwa wake peke yake, na presha inakuwa yake peke yake. Utaijua dalili: wawili wanajadili, wa tatu anatazama simu.

Antoine Bauza aliliziba shimo hilo kwenye Hanabi, ya mwaka 2010, iliyopata tuzo ya Ujerumani ya mchezo wa mwaka 2013. Mnatengeneza fataki kwa kupanga karata za rangi tano, kila rangi kuanzia 1 hadi 5, ila unashika karata zako zikiwa zimeyapa mgongo macho yako. Wenzako wanaziona, wewe huzioni. Dokezo ni nane tu, na mkishazitumia, ili kupata nyingine mtu hutupa karata moja. Kwa kila rangi kuna 1 tatu, 2 mbili, 3 mbili, 4 mbili, na 5 moja tu. Unashika karata ambayo hujaambiwa lolote kuihusu, unaipeleka polepole kwenye rundo la kutupwa, na mezani kote kunakuwa kimya cha ajabu. Hakuna anayeruhusiwa hata kukunja uso. Kama ni ile 5, fataki ya rangi hiyo haitakamilika tena. Sijaona gemu ya bunduki iliyonibana koo kama kile kimya.

Kwenye kompyuta mambo yanageuka kidogo, kwa sababu mashine inaweza kuendesha dunia yenyewe bila kukungoja. Outer Wilds, iliyotoka 2019, inakupa chombo kidogo cha anga na mfumo mzima wa sayari, kisha baada ya dakika 22 jua linalipuka. Unaamka tena penye moto ule ule wa kambi. Hupati silaha wala vifaa bora zaidi kadiri unavyoendelea. Kinachobaki ni kumbukumbu za chombo na unachokijua kichwani. Lengo ni kuelewa ni nini kilichotokea hapo kale na kwa nini muda unajirudia.

Saa yake haiko ukutani, iko kwenye mazingira. Kuna sayari pacha mbili, moja inaimwagia nyingine mchanga kwa nguzo ndefu. Upande mmoja mchanga unapungua na majengo yanajitokeza, upande wa pili mapango yanajaa. Pango lililokuwa na njia dakika ya tano, dakika ya kumi na tano linakubana kichwa darini. Unasoma maandishi ya kale ukutani huku mchanga umefika magotini, na unajiuliza usome mstari mwingine au ukimbie. Mchanga haukuchukii. Unapanda tu.

Kuna mahali pengine, na hapa nitavujisha siri ndogo, asiyetaka aruke aya hii. Ndani ya ukungu mzito wanaishi samaki wakubwa wanaomeza chombo kizima. Huwezi kuwaua. Ukiwa umezunguka vizuri utakuwa umeona kwenye sayari ile ya mapango mifupa ya samaki kama huyo, na maandishi ya watoto waliocheza karibu yake mchezo wa kufunga macho na kunyemelea. Hapo ndipo inapokubidi ujiongeze: samaki hawaoni, wanasikia. Kwa hiyo unazima injini na kukiacha chombo kielee kimya kimya, sentimeta chache mbele ya meno, mikono umeitoa kabisa kwenye vitufe. Jambo gumu kuliko yote kwenye gemu hiyo ni kutofanya chochote.

Wewe mwenyewe utakufa mara nyingi humo. Kwa baadhi ya watu hilo halina neno, kwa wengine linatosha kuwafukuza, na ni vizuri kujua kabla. Neno "bila kuua" lina vyumba vingi. Wapo wasiotaka kumuua mtu, wapo wasiotaka kuua kiumbe chochote, wapo wasiotaka hata kuona kifo. Hata kwenye drafti tunasema kula kete, na sijakutana na mpenda amani aliyekosa usingizi kwa hilo, lakini wa pili na wa tatu wanahitaji gemu tofauti.

Chukua Subnautica, iliyokamilika 2018. Umeanguka kwenye sayari ya bahari na unatafuta njia ya kuondoka. Kiongozi wa utengenezaji wake, Charlie Cleveland, alisema wazi kwamba waliamua wasiweke bunduki kwa sababu ya mauaji ya wanafunzi ya Sandy Hook, Marekani, Desemba 2012. Madubwana makubwa ya humo unayakwepa kwa mwanga, kelele na kona za miamba. Hata hivyo una kisu, na njaa yako mwanzoni inaishia kwa samaki. Unaweza kupanda mimea ukala hiyo, inawezekana kabisa, lakini inachukua muda kufika hapo. Jambo moja la busara: dubwana ukilikaidi ukaliua kwa kisu, huokoti chochote. Gemu haikulipi. Kwa mtu asiyetaka kuua watu, naiweka juu kabisa. Kwa asiyekula nyama kwa imani, nampa tahadhari.

Kundi la kuangalia kwa makini zaidi ni la gemu zinazokuruhusu usiue. Undertale ya 2015 inafanya hivyo kwa moyo wote: kila anayekushambulia unaweza kumaliza naye bila kumuua, ukakwepa mapigo yake huku ukitafuta la kumtuliza, na hadithi inabadilika kwa kila uliyemwacha hai. Dishonored ya 2012 nayo inaweza kumalizwa bila kuua hata mmoja. Ila tazama mbadala wenyewe. Kuna mapacha wawili ambao usipowaua wanakatwa ndimi na kutupwa kwenye migodi yao wenyewe kama watumwa. Kuna bibi mmoja anayekabidhiwa, akiwa hana fahamu, kwa mwanamume anayedai kumpenda. Mwisho wa usiku ule skrini inakuhesabia kwamba hukuua mtu. Hesabu ni sahihi. Mimi nilijisikia vibaya kuliko ningetumia panga.

Ndiyo maana lebo za umri hazitoshi. Zinaeleza kinachoonekana, hazielezi unachofanya wewe. Kinachosaidia ni kumtazama mtu akicheza katikati ya gemu kwa dakika kumi, siyo tangazo wala mwanzo, ukiangalia vidole vyake. Kitufe anachokibonyeza mara nyingi kuliko vyote kinafanya nini? Kinapiga, kinaruka, kinapima, kinaunganisha, kinauliza? Hicho ndicho utakachokifanya kwa saa ishirini, hadithi iwe nzuri namna gani. Kisha ngoja akosee. Akikosea akapoteza kitu, akanyamaza kidogo kabla ya kuendelea, presha ipo. Akikosea akaendelea kupiga soga bila hata kugeuza macho, hiyo ni ya kupumzikia.

Kama una mtu mmoja wa kukaa naye, anzeni na Pandemic ya majanga manne, na kama uko peke yako endesha wahusika wawili kwa zamu, inakubali. Mtashindwa mara ya kwanza, karibu kila mtu hushindwa. Angalieni mmeshindwa kwa njia ipi. Karata zikiisha huku ramani iko safi, mlitibu kupita kiasi na dawa mkaisahau. Milipuko ikifika minane huku mna dawa tatu, mlikimbilia maabara mno. Na kete za rangi moja zikiisha, kuna kona ya ramani ambayo tangu mwanzo kila mmoja alidhani mwenzake anaiangalia.